Siku ya nne ya meditesheni na sijafika hata pumzi ya tano. Nakosea wapi?

Mbishi_Asilia
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mgumu wa kuamini mambo haya, niseme mapema. Tatizo langu ni kwamba maneno ya kikao cha mchana huwa nayarudia kichwani mpaka saa saba usiku, nikitunga majibu ambayo ningemjibu bosi. Mwenzangu kazini ananiambia nijaribu meditesheni. Tukawekeana dau: dakika 10 kila siku kwa wiki nane.

Nakaa kitandani usiku, nafumba macho, nahesabu pumzi moja hadi kumi. Nikifika tatu nimeshahamia kwenye kikao. Narudi moja. Jana sikuvuka nne hata mara moja, halafu nikasinzia. Je, kuna watu haiwaingii kabisa?

Pumzi_Ndefu
Unakosea kwa kuwaza. Lengo ni kichwa kiwe kitupu. Kunja miguu vizuri, vuta pumzi ndefu sana, zuia, achia. Na usifanye ukiwa umeshiba, utalala.

Mama_Kulwa
Pole baba. Mimi nilipokuwa sipati usingizi niliacha chai ya jioni na kulala saa nne kamili. Jaribu.

Mbishi_Asilia
Ahsante mama, ila usingizi naupata, tena katikati ya zoezi! Shida ni kichwa.

Mzee_wa_Kiti
Nimefanya hili miaka kumi na moja, na nimewahi kuongoza vikundi vya wanaoanza. Pumzi_Ndefu yuko sahihi kuhusu kushiba. Kuhusu kichwa kitupu, hapana. Hakuna anayekipata kwa kukitafuta.

Mbishi, angalia ulichoandika: "nimeshahamia kwenye kikao, narudi moja." Hicho ndicho zoezi lenyewe. Ile nukta unaposhtuka kwamba umepotea, ukarudi bila kujigombeza, ndiyo unayoifanyia mazoezi. Ukipotea mara ishirini ukarudi mara ishirini, umefanya ishirini. Kosa lako ni kwamba umegeuza kumi kuwa alama ya kufaulu.

Badilisha hivi. Toka kitandani, kaa kwenye kiti, nyayo zote sakafuni, mgongo umesimama bila kukakamaa. Fanya asubuhi kabla hujashika simu, maana kitanda na usiku mwili unavijua kwa kazi nyingine. Weka alamu dakika 8, usichungulie saa. Chagua sehemu moja unapoisikia pumzi, puani au tumboni, usihamehame. Pumzi iache ijiendeshe, fupi au ndefu, wala usiizuie. Acha kuhesabu kwa sasa. Kikao kikija, sema kimoyomoyo "nawaza", kisha rudi puani. Usimalize kwanza lile jibu la bosi, hata kama ni tamu.

Mbishi_Asilia
Duh, majibu huwa matamu kweli. Na nitajuaje kama inafanya kazi? Nisije nikajidanganya ili nishinde dau.

Mzee_wa_Kiti
Usipime utulivu wakati umekaa. Siku nyingine utainuka umevurugika zaidi, na wiki za mwanzo wengi huona kichwa kina kelele kuliko zamani kwa sababu sasa wanazisikia. Pima usiku: kutoka kikao kinapoanza kujirudia hadi unapogundua, imepita saa nzima au dakika kumi? Andika kila siku, mstari mmoja.

Miujiza usitarajie. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi wa majaribio 47, washiriki zaidi ya 3,500. Wasiwasi na huzuni vilipungua kwa kiasi kidogo hadi cha wastani. Ila haikuonekana kuzidi tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Tena programu nyingi za namna hii zinafuata ile ya wiki nane iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, ambapo mtu hufanya kama dakika 45 kwa siku nyumbani. Dakika 8 zako zitakupa nini hasa, hapo sikuahidi kitu.

Pumzi_Ndefu
Sasa kama mazoezi ya viungo yanatosha, si bora akimbie tu?

Mzee_wa_Kiti
Akipenda kukimbia, akimbie.

Bi_Tahadhari
Naongeza la kwangu. Mimi nina historia ya kushikwa na hofu ghafla, na kuiangalia pumzi kulinipandishia moyo mpaka nikadhani nakata roho. Nilihamia kwenye nyayo: joto, uzito, mguso wa sakafu, macho wazi nikitazama chini. Ikawa nafuu. Kumbukumbu nzito zikianza kumiminika, simamisha, na umwone mtaalamu. Huo si uvivu.

Mbishi_Asilia
Mrejesho wa siku ya 12. Asubuhi kwenye kiti sisinzii tena. Usiku: siku ya 6 nilizunguka na bosi karibu saa nzima. Siku ya 9, kama dakika ishirini na tano. Jana tena saa nzima, ingawa jana tuligombana kweli. Mwenzangu anadai dau lake tayari, nimemkatalia.

Pumzi_Ndefu
Na hiyo siku ya 9 mlikuwa na kikao?

Mbishi_Asilia
...Hatukuwa nacho.