Tupeane uzoefu: Kuomba kutoka mapema uende mahafali ya mtoto, na jinsi ya kufidia saa

Mama wa Mwanga: Wana Kigoma, tusaidiane. Mahafali ya darasa la saba ni Ijumaa saa 8 mchana. Kazi ni ya ghalani, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mapumziko saa 7 hadi 8. Jumamosi tunafanya saa 2 hadi saa 7. Bosi naye nimwambie nini?

Kijana wa Ujiji: Usiombe, dai! Sheria inatoa siku 4 za ruhusa ya familia zenye malipo.

Karani Mstaafu: Siku hizo zipo kweli, ila ni za mtoto kuugua au kufariki, au msiba wa ndugu wa karibu. Mahafali hayamo. Hapa ni maelewano, kwa hiyo nenda na hesabu mkononi.

Ukitoka saa 7, saa unazodaiwa ni 3, siyo 4, maana saa ya chakula si ya kazi. Wengi hukosea hapo wakajiongezea deni. Zilipe kabla, wiki hiyohiyo: Jumatatu, Jumanne na Jumatano ingia saa 1 asubuhi. Kila siku inakuwa saa 9 za kazi, ambao ndio ukomo wa kawaida wa siku, na jumla ya wiki inabaki 45. Ukizisogeza wiki inayofuata unafika 48, na zile 3 za juu kisheria ni za ziada, zinadai malipo ya moja na nusu. Bosi akiliona hilo anakataa, na hakuambii sababu.

Kosa jingine ni kujitolea kubaki jioni wakati ghala limefungwa. Hiyo ni saa ya kukaa tu. Asubuhi kuna kuhesabu mzigo kabla wateja hawajaja. Ila uliza kwanza nani ana ufunguo saa 1.

Dada wa Kibirizi: Mimi nina zamu ya usiku hospitalini. Niingie saa 1 ipi?

Karani Mstaafu: Kwako saa hazifidiwi hivyo, dada. Badilishana zamu nzima na mwenzako, kisha msimamizi abadilishe majina kwenye ratiba. Mkikubaliana kwa mdomo tu, asipotokea mwenzako, jina la mtoro ni lako.

Mama wa Mwanga: Nimeandika hivi, mnaonaje?

"Shikamoo bosi. Naomba kutoka Ijumaa saa 7 mchana kwenda mahafali ya mwanangu. Saa 3 nitazifidia Jumatatu hadi Jumatano kwa kuingia saa 1 asubuhi, nihesabu mzigo. Vitabu vya stoo nitamkabidhi mwenzangu Ijumaa saa 6, ameshakubali."

Karani Mstaafu: Safi. Mpe wiki moja kabla, ambatanisha barua ya shule, na akikubali mwombe ajibu kwa maandishi, hata kwa meseji.

Kijana wa Ujiji: Na shule ikiahirisha Alhamisi, saa 3 umeshazifanya?

Mama wa Mwanga: Hapo ndipo sijui. Labda niongeze mstari kwamba saa zitanisubiri hadi tarehe mpya?

Dada wa Kibirizi: Ongeza. Akikataa huo mstari, fidia saa 2 kabla, na 1 Jumamosi baada ya sherehe.