Soya ama omena kwa chakula cha kuku wa mayai, gani inatoka bei poa?

MamaKuku_Kayole: Nachanganya mwenyewe kilo 100. Kilo 10 ni chokaa na premiksi, hizo sigusi, 90 zilizobaki ni mahindi na soya ama omena. Nataka protini isipungue asilimia 16. Mahindi nahesabu 8, mashudu ya soya 44, omena 55. Mahindi napata 45 bob kilo, soya 110, omena 135.

Kiprono254: Chukua omena. Gawanya bei kwa protini, 135 kwa 55 ni chini ya 110 kwa 44. Ukitaka soya, weka kilo 20 na mahindi 70, hapo uko 16 kamili.

FundiChakula: Hapana Kiprono, hiyo 16 ni ya kilo 90. Mahindi 70 yanaleta protini 5.6 na soya 20 inaleta 8.8, jumla 14.4, na gunia ni kilo 100, kwa hivyo kuku wanapata 14.4. Chokaa haina protini lakini uzito wake lazima uingie chini ya mstari:

```
(0.08M + 0.44S + 0.55O) / (M + S + O + 10) >= 0.16
```

Zidisha pande zote kwa huo uzito, hauwezi kuwa hasi kwa hivyo alama haigeuki, kisha kusanya:

```
0.28S + 0.39O >= 0.08M + 1.6
```

Na M + S + O = 90. Soya peke yake inatoka karibu kilo 24.5, omena peke yake karibu 18.7.

Sasa bei. Kila kilo ya soya unayoongeza inatoa kilo moja ya mahindi, so unalipa 65 bob zaidi kupata pointi 36 za protini. Omena unalipa 90 kupata 47. Soya inashinda, 5,640 kwa 5,735 hivi, na chokaa sijahesabu kwa sababu ni ileile.

Wa_Githurai: Na broila wangu wa wiki mbili nitumie hii?

FundiChakula: Usitumie, broila wadogo wanataka protini zaidi na hawahitaji chokaa yote hiyo.

Njeri_Mayai: Mimi omena ya Gikomba niliiloweka kwa ndoo mchanga ukabaki chini mwingi sana. Hiyo 55 mnaitoa wapi? Na ikizidi kilo 10 kwa 100 mayai yananuka samaki, wateja wanarudisha.

FundiChakula: Uko sawa. Weka O <= 10 kama sharti la pili. Na omena ikishuka hadi 40 kwa ajili ya mchanga, ile 0.39 inakuwa 0.24, chini hata ya soya.

Kiprono254: Sawa kwa bei, lakini soya ina methionini kidogo, kuku wangu walitaga vizuri zaidi nilipotia omena kidogo.

FundiChakula: Kama premiksi haina methionini, hilo ni sharti lingine na jibu linaweza kubadilika. Mama, soma lebo uandike hapa.

MamaKuku_Kayole: Nilipimiwa dukani kwa karatasi, haina lebo.