Tupeane uzoefu: apu ikikuomba namba zako, maiki au lokesheni, unaruhusu nini unakataa nini?

Mtu wa Ujiji
Wakuu habari za jioni. Nimeweka apu moja ya kusomea magazeti, haijafungua hata ukurasa wa kwanza ikataka lokesheni, ikataka maiki, ikataka na namba zote za kwenye simu. Nikajiuliza mimi ndo nalisoma gazeti au gazeti ndo linanisoma mimi. Nimebonyeza Don't allow zote tatu na inafanya kazi vizuri tu, habari nazisoma kama kawaida. Sasa tupeane uzoefu, nyie huwa mnaamuaje, na nani yameshamkuta?

Kijana wa Gungu
Mi naruhusu zote, maisha mafupi.

Sangara Mkavu
Mi nakataa zote, hasa kwa sababu maisha ni mafupi 😂

Mzee wa Kagunga
Kwangu mimi lokesheni ndo imenitesa. Kila nikiwa sokoni Kagunga saa ya kwenye simu inarudi nyuma saa nzima, mara mbili nimeachwa na boti. Nimezima lokesheni apu moja baada ya nyingine na bado inarudi, hizi simu zinatufanyia makusudi.

Fundi Mwanga
Mzee wangu shikamoo. Hiyo haihusiani na ruhusa za apu. Ukiwa Kagunga simu inadaka mnara wa Burundi na wenzetu wako nyuma yetu saa moja, mnara ndo unaileta hiyo saa. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, zima ile sehemu ya kujiseti yenyewe, useti kwa mkono. Lokesheni uliyoizima uirudishie ramani tu, nyingine ziache hivyohivyo.

Mzee wa Kagunga
Marahaba. Ngoja nijaribu kesho.

Mama wa Kibirizi
Mnaongelea ruhusa mnanirudisha mbali sana. Mimi sijawahi kuweka apu ya mkopo hata siku moja na ndo niliyeadhirika kuliko aliyekopa. Mdogo wake mume wangu alikopa kwenye apu aliyoiona kwenye stetasi ya mtu, bonyeza linki, pakua, weka. Aliomba 80,000 wakamtumia 56,000, ile nyingine wanasema ni gharama, na baada ya siku 7 anatakiwa arudishe 80,000 yote. Ziwa lilikuwa limefungwa, hamna uvuvi, hela hana, akanyamaza akazima simu. Yeye kazima simu basi mimi ndo nikawashiwa moto. Mimi ni mhasibu wa kikoba chetu na yeye kwenye simu yake kanisevu "Shem Mhasibu Kikoba". Siku hiyo tunavunja kikoba, akina mama wote wamekaa kwenye mkeka, hela iko katikati, simu yangu inaita namba siijui, nikaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa inahesabu. Jamaa anasema kwa ukali wewe mhasibu wa kikoba ndo mdhamini wa fulani, lipa leo hela yetu uliyoificha huko kikobani. Jamani. Kabla sijajibu simu za wenzangu zinaanza kulia moja moja, picha ya shemeji imeandikwa MWIZI ANATAFUTWA, maana alikuwa na namba za akina mama wengi, huwa anawabebea mizigo ya dagaa. Watu wakasimama. Mmoja akasema tuhesabu upya kuanzia mwezi wa kwanza. Tulihesabu mpaka giza likaingia, hela ilikuwa imetimia mpaka shilingi ya mwisho lakini uhasibu nilinyang'anywa hapohapo. Sasa nauliza mimi, hiyo Allow mbona sikuibonyeza mimi?

Dada Bangwe
Pole sana mama angu 😭

Kijana wa Gungu
Hapo kwenye spika nimeishiwa nguvu.

Mha Halisi
Pole mama, ila na nyie mnamkalia kooni huyo kijana bure. Mtu ana njaa, ziwa limefungwa, afanyeje? Angekuja kukukopa wewe mhasibu ungempa?

Mama wa Kibirizi
Ningempa. Na nimeshampa kabla, muulize.

Mha Halisi
Sawa mama nimenyamaza.

Sangara Mkavu
Hujanyamaza, umeandika.

Fundi Mwanga
Mama wa Kibirizi, hilo swali lako la mwisho ndo lenyewe. Ruhusa ya namba siyo kama ya maiki au lokesheni. Maiki ukiruhusu unajiuza wewe, namba ukiruhusu unauza watu wote uliowasevu na wao hawajaulizwa. Tena haichukui namba tupu, inachukua na jina ulivyolisevu. Ndo maana jamaa alijua wewe ni mhasibu wa kikoba, shemeji hakumwambia, kalisoma kwenye fonibuku akaona huyu ndo mwenye hela. Ungekuwa umeseviwa "Mama Neema" pengine asingeanza na wewe.

Simu za namna hiyo naletewa sana hapa kijiweni. Moja niliifungua mbele ya mwenyewe, Settings, Apps, nikaigusa ile apu, Permissions, nikakuta imeruhusiwa Contacts, SMS, Location na Camera. Tukazizima zote nne palepale. Jioni yake bado wanapiga simu kwa ndugu zake, akarudi amekasirika anasema fundi umekula hela yangu. Nikamweleza kwamba kuzima kunaizuia isichukue tena kuanzia sasa, ila zile namba ilishazikopi ikazituma kwenye seva yao dakika ileile aliyobonyeza Allow, na fonibuku ya watu 400 ni faili dogo kuliko picha moja. Hata ukifuta apu, hata ukifomati simu, kopi yao iko kwao. Kwa hiyo Contacts ni ya kukataa mwanzoni, ukichelewa umechelewa.

Mtu wa Ujiji
Fundi sasa ukikataa si haikupi mkopo? Mi nilijaribu moja, nikikataa inajifunga yenyewe.

Fundi Mwanga
Ndiyo zinajifunga, na hapo ndo unazijua. Google walishazuia tangu 31 Mei 2023, apu ya mkopo iliyoko Play Store hairuhusiwi kugusa namba za watu wala picha zako. Kwa hiyo apu ya mkopo ikikuambia bila Contacts hakuna hela, ama inawakwepa Google ama haijatoka Play Store kabisa, umeipata kwa linki kama shemeji wa mama. Kumbuka ulipoiweka, simu ilikutahadharisha kwanza kwamba unaweka kitu kutoka nje? Kama ilikutahadharisha basi hizo sheria za Google hazikulindi.

Mwisho wa Reli
Mbona hizo apu zote serikali ilishazifungia? Uzi wa zamani huu.

Fundi Mwanga
Siyo zote mkuu. Benki Kuu Novemba 2024 ilitoa orodha ya 69 zinazokopesha bila leseni. Lakini apu ya linki inabadilisha jina na rangi inarudi. Ukiangalia orodha usipoiona siyo kwamba ni salama, tafuta kama ina leseni.

Mwisho wa Reli
Ndo hivyohivyo nilivyosema, zimefungiwa.

Bwana iPhone
Ndo maana sisi wengine tuko iPhone. Kuanzia iOS 18 apu ikiomba namba unaichagulia watu wachache unaotaka, wengine haiwaoni. Android mtaendelea kulia.

Dada Bangwe
Wewe iPhone yenyewe kioo kimepasuka tunakujua hapa Bangwe.

Bwana iPhone
Kioo siyo ruhusa dada.

Fundi Mwanga
Kwenye hili anasema kweli, msimpige. Kwenye Android nyingi za hapa kwetu apu ikiomba Contacts ni zote au hakuna, huchagui.

Sangara Mkavu
Dawa ni kuwa na kitochi cha namba za watu na smatifoni isiyo na hata namba moja. Mwizi wa mtandao akifungua anakuta "Salio" na "Huduma kwa wateja" 😂

Kijana wa Gungu
Halafu WhatsApp utachati na huduma kwa wateja.

Fundi Mwanga
Utani ila inawezekana. WhatsApp ukiinyima namba inafanya kazi, shida ni kwamba unaona namba badala ya majina. Mtu mpya unampata kwa kuandika kwenye brauza wa.me/255 halafu namba yake bila sifuri ya mbele. Mi mwenyewe lakini WhatsApp nimeiruhusu, siwezi kukariri namba za wateja.

Mjukuu Kasulu
Mi kisa changu ni cha maiki. Bibi yangu hasomi, tunaongea kwa kutumiana sauti WhatsApp. Kuna jamaa alinitisha kwamba simu zinatusikiliza, WhatsApp ikaomba maiki nikakataa, ikaomba tena nikakataa. Baada ya hapo nikibonyeza kurekodi haiombi tena, haifanyi chochote. Bibi akaanza kuwaambia watu mjukuu amepata mwanamke mjini ameninyamazia. Nilifuta apu nikaiweka upya na chati zote zikaenda.

Fundi Mwanga
Pole, ila hukuhitaji kufuta. Kuanzia Android 11 ukikataa mara mbili simu inachukulia hutaki, apu haikuulizi tena. Unabonyeza alama ya apu kwa muda, unaingia App info, Permissions, Microphone, unaweka While using the app. Na kama una wasiwasi ipo Only this time, ukitoka kwenye apu ruhusa inaisha, safari nyingine itaomba upya.

Dada Bangwe
Lakini kusikilizwa kupo! Juzi tumeongelea magodoro na mume wangu, simu iko mezani, asubuhi nafungua tangazo la magodoro. Nielezeni hiyo.

Fundi Mwanga
Mume wako hakutafuta magodoro kwenye simu yake, wifi moja ileile? Kwa simu za kuanzia Android 12, apu ikitumia maiki kinawaka kidoti cha kijani juu kulia. Na kwenye Privacy kuna sehemu inaonyesha saa 24 zilizopita nani alitumia maiki, kamera na lokesheni. Angalia hapo kwanza.

Dada Bangwe
Mume wangu anatafutia simu ya kazini na sisi hatuna wifi. Na yangu ni Android 10, kidoti sina. Kwa hiyo?

Fundi Mwanga
Kwa hiyo kwako siwezi kukataa wala kukubali. Ingia Permission manager, gusa Microphone, uone ni apu gani zina ruhusa. Ukikuta kalkuleta humo, itoe.

Mama wa Kibirizi
Fundi mimi nirudi kwangu. Kwa hiyo namba yangu na za akina mama ziko huko kwao milele?

Fundi Mwanga
Kwa mkono wangu siwezi kuzitoa mama. Ila ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume yake inayopokea malalamiko. Wewe ndo mwenye malalamiko mazuri kuliko shemeji, maana taarifa zako zimetumika na hukukopa wala hukukubali chochote. Unazo zile meseji?

Mama wa Kibirizi
Za kwangu nilifuta kwa hasira. Akina mama wengine nadhani wanazo, ila kwenda kuwaomba sasa hivi...

Mha Halisi
Niambie ni akina nani mama, mi nitawaomba. Hapo Kibirizi nafika kila siku.

Sangara Mkavu
Leo umenyamaza vizuri.

Mtu wa Ujiji
Fundi uko Mwanga sehemu gani? Nina simu ya mzee imejaa apu za ajabu, hadi ya tochi inataka lokesheni.

Fundi Mwanga
Hiyo ya tochi futa hata sasa hivi, simu ina tochi yake. Nyinginezo kama kuna ya mkopo usiifute kabla ya kuipiga skrinshoti, jina lake, ruhusa zake na meseji zao, watu wanakuja wameshafuta kila kitu halafu wanataka kushtaki. Njoo pm nikuelekeze.