Wauza dawa, acheni kutuandikia mafumbo kwenye bahasha!

Msomabahasha (Kampala)

Jamani, tazameni bahasha hii ya duka moja la dawa hapa mjini, jina naliacha. Dawa ni ya malaria, AL 20/120, vidonge 24 vya mtu mzima.

```
AL 4x2 ennaku 3, next dose ssaawa 8
```

Hesabu, Luganda na Kiingereza, vyote mstari mmoja! "4x2 ennaku 3" ni vinne mara mbili kila siku, au ni mara mbili ndani ya siku tatu? Luganda kamili ni "emirundi ebiri olunaku, okumala ennaku ssatu". Musawo amemeza "olunaku", amemeza na "okumala", na hayo ndiyo yanayotenganisha mara ngapi na muda gani. Waandikao Kiswahili nao wasicheke. "Mara mbili kwa siku tatu" ni balaa lile lile. Andika "mara mbili kila siku, muda wa siku tatu". Wino hauishi.

Kinachonichemsha zaidi ni hiyo "ssaawa 8". Mwandishi alimaanisha saa nane zikishapita. Msomaji wa hapa, wa Luganda au wa Kiswahili, anaona saa nane mchana. Aliyemeza ya kwanza saa 4 asubuhi atameza ya pili baada ya saa nne tu, wakati zamu yake ni saa 12 jioni. Aliyeanza saa 7 mchana anarudia vinne saa moja baadaye!

Bahasha ya mtu aliyeanza saa 4 asubuhi ingesomeka hivi:

Leo: vidonge 4 saa 4 asubuhi, vidonge 4 saa 12 jioni.
Kesho na keshokutwa: vidonge 4 saa 4 asubuhi, vidonge 4 saa 4 usiku.
Meza pamoja na chakula au maziwa.

Kuna ugumu gani hapo?

Kijana wa Arua

Unakuza mambo, ndugu. Zidisha tu: 4 mara 2 mara 3 ni 24. Ukihesabu vidonge ukapata 24, umesoma sawa.

Dispensa

Ndugu wa Arua, umepata nusu. Kuhesabu kunakamata kosa la siku. Aliyesoma "mara mbili ndani ya siku tatu" atabakiwa na vidonge 16 na kushtuka, ingawa amechelewa. Lakini mpangilio hakuukamati: vidonge viwili mara nne kwa siku tatu navyo ni 24.

Chukua panadoli ya miligramu 500, "2x3". Kwetu namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara. Mgonjwa akigeuza, anameza vitatu kwa mpigo, miligramu 1500, na mtu mzima hatakiwi kuvuka 1000 kwa mara moja. Jumla ya siku ni sita kwa sita, kwa hiyo hata mkewe akihesabu haoni kosa.

Na kuna "3/7" mnayoiona mwishoni. Ni siku tatu, kwa kuwa wiki ina saba. "2/52" ni wiki mbili, "1/12" ni mwezi. Tunaandikiana wenyewe kwenye faili, haikupaswa kutoka dirishani. Mgonjwa anasoma "siku tatu mpaka saba", na dawa ikiisha siku ya tatu anadhani amepunjwa.

Mama Twins

Asante musawo. Mimi watoto wangu wana sharubati ya kikohozi, imeandikwa "5ml x 3". Nikitumia kijiko cha kulia chakula ni sawa?

Dispensa

Hapana mama. Kijiko cha kulia chakula kinaweza kubeba mara mbili ya hapo au zaidi. Rudi uombe kikombe chenye alama au bomba la kupimia lisilo na sindano.

Mkongomani wa Nakivale

Sisi huku hata hiyo Luganda hatuisomi. Waandike "kinini ine asubui, kinini ine mangaribi", tutaelewa.

Msomabahasha (Kampala)

Asubuhi na magharibi inafaa kesho na keshokutwa, ndugu yangu, ila leo haifai. Aliyeanza saa 9 alasiri, ya pili yake ni saa 5 usiku. Lazima saa iandikwe.

Dispensa

Nakubali, ila bahasha yenyewe haitoshi kiganja, na foleni ni watu arobaini. Mimi huchora jua na mwezi na idadi ya vidonge kando yake. Hiyo saa 5 usiku sijui niichore vipi.

Kijana wa Arua

Mwambie kwa mdomo basi.

Msomabahasha (Kampala)

Amwambie mwenye homa ya digrii 39? Akifika nyumbani anayempa dawa ni mtu mwingine, na huyo ana bahasha tu mkononi.