Shawarma ya kuku au doneri ya ng'ombe ya kusaga: ipi inafaa kibanda kidogo Kigoma?

Mwanga_Jioni: Wakuu, habari zenu. Kuna kibanda kinafunguliwa hapa Mwanga, Kigoma, kitauza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Jiko ni la gesi, la kusimama, lenye mota ya umeme. Makadirio ni roli 35 kwa siku. Tunabishana: tupange minofu ya kuku au tusage nyama ya ng'ombe? Naomba mtulinganishie kazi, hasara na usalama.

Kisu_Kirefu: Mkuu, anza na ukubwa wa mnara, yaani nyama iliyopangwa kwenye chuma kinachozunguka, aina ya nyama ifuate. Roli 35 kwa gramu 110 za nyama iliyoiva ni karibu kilo 3.85. Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta, tuseme asilimia 30. Kwa hiyo unahitaji kilo 5.5 mbichi. Wengi hupanga kilo 10 kwa sababu mnara mkubwa unapendeza machoni, halafu saa nne usiku wanabaki na nusu nzima ya nyama vuguvugu. Hapo ndipo mtu anaumwa tumbo.

Kuku: tumia minofu ya paja, kidari kinakauka. Ipasue iwe bapa, unene kama sentimita moja, ili yote ilingane. Chumvi gramu 15 kwa kila kilo, mtindi, kitunguu saumu, bizari nyembamba, hiliki, mdalasini kidogo. Ndimu usizidishe wala usiiache zaidi ya usiku mmoja, uso wa nyama unalegea na kuwa kama uji.

Kupanga ndiyo kazi yenyewe. Kila kipande kina upande mnene na upande mwembamba, kwa hiyo kila tabaka lizungushe, upande mnene usirudi mahali pamoja. Ukisahau, mnara unapinda: tumbo lake linakaribia moto na kuungua, mgongo unabaki mbichi. Kila matabaka manne au matano weka ngozi au mafuta. Juu pawe papana kuliko chini, ili mafuta yanayoyeyuka yateremkie nyama ya chini. Gandamiza kwa viganja kadiri unavyopanda, maana penye uwazi nyama hukauka na kudondoka. Ukimaliza, punguza vinavyoning'inia kwa kisu, funga, uweke kwenye jokofu masaa kadhaa ushikane.

Ujiji_Kusaga: Kaka kasema vizuri kuhusu kuku. Doneri ya kusaga ina kanuni nyingine: inashikana kwa chumvi na baridi. Gramu 15 hadi 18 za chumvi kwa kilo, ukande nyama ikiwa baridi kabisa mpaka inate kwenye kiganja ukikigeuza chini. Nyama ikipata joto wakati wa kukanda, mafuta yanayeyuka na kujipaka kila mahali, haishikani tena. Utaiona jikoni: nusu saa baada ya kuwasha moto kipande kizima kinateleza kwenye chuma na kuangukia trei. Kigoma kwa joto la mchana, bila barafu ya uhakika kazi hii ni ngumu. Ila ukiiweza, unakata karatasi nyembamba zinazolingana na hakuna kipande kinachopotea.

Pwani_ya_Ziwa: Mimi nafikiri mnatisha watu bure. Moto unaua kila kitu. Ikiwa nje imekuwa kahawia, imeiva, na ikibaki unaipasha tena kesho.

Kisu_Kirefu: Nusu ya hilo ni kweli, ndugu. Nje imeiva, lakini moto wa pembeni huingia milimita chache tu, ndani bado ni mbichi, na ndivyo mtambo ulivyobuniwa. Unakata kilichoiva, unaacha kinachofuata kiive. Shida inakuja foleni ikiwa ndefu: muuzaji anakata kwa kina, kisu kinafika kwenye nyama ya waridi. Kwa hiyo kata nyembamba, kisha kila ulichokata kipite kwenye bapa la chuma lenye moto hadi kiwe nyuzi 74 za Selsiasi. Kipimajoto cha kuchoma kinatosha, hakihitaji ufundi.

Kuhusu kupasha kesho: baadhi ya bakteria hutoa sumu isiyoharibika kwa moto. Ukichemsha unaua bakteria, sumu inabaki. Na mnara mzima ni mnene, katikati unachukua muda mrefu sana kupoa hata ndani ya jokofu.

Ujiji_Kusaga: Nyongeza ndogo. Watu husema nyama ya kusaga ni hatari kuliko vipande, kwa kuwa uchafu wa juu unasagwa hadi ndani. Ni kweli kwa steki moja. Lakini ukipanga minofu arobaini, nyuso zote zimefichwa ndani ya mnara vilevile. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia vipande havina shida.

Dada_wa_Isevya: Samahani wakuu, mimi niko Tabora, sifungui kibanda, nanunua tu. Nikifika kwa muuzaji niangalie nini? Wa kwetu anavaa glavu, kwa hiyo ni msafi, sivyo?

Kisu_Kirefu: Dada, glavu inayoshika noti, kisha nyama, kisha kachumbari ni mkono mchafu tu uliovikwa plastiki. Simama pembeni dakika tano kabla ya kuagiza. Angalia moto wateja wanapokuwa wachache. Kama anauzima au kuupunguza sana ili kuokoa gesi na mnara unakaa vuguvugu, ondoka. Kisha angalia trei ya chini. Maji ya nyama isiyoiva yanadondokea pale pale vinapoangukia vipande vilivyokatwa. Akichota kwenye trei moja kwa moja kuingiza kwenye mkate, bila kupitisha kwenye bapa, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko vumbi lolote. Mwisho sosi: mayonezi na ya kitunguu saumu zikae kwenye baridi, si kwenye chupa mezani tangu alasiri.

Mzee_wa_Mkaa: Mishikaki ya kawaida kwenye mkaa inashinda vyote. Geuza mara kwa mara, usipulizie majivu.

Mwanga_Jioni: Shikamoo mzee, mishikaki tunaijua, ila swali lilikuwa la mnara. Kisu_Kirefu, umeme ukikatika mota inasimama, gesi inaendelea. Tufanyeje?

Kisu_Kirefu: Nunua jiko lenye mpini wa kuzungushia kwa mkono, na uzungushe robo mzunguko kila baada ya sekunde chache. Ukiacha, upande mmoja unaungua na wa pili unapoa. Kama jokofu nalo limezimika na huna barafu, usiku huo usiweke akiba yoyote.

Ujiji_Kusaga: Na nyama iliyobaki saa nne usiku? Mimi nakata yote, naimalizia kwenye bapa, naitandaza kwenye trei pana ipoe haraka, ndipo jokofu. Kesho inaingia kwenye wali.

Kisu_Kirefu: Nakubali kwa nyama ya kusaga. Kwa kuku bado ningeigawa usiku huo huo kwa bei ya chini. Hapo hatutaelewana, najua.

Mwanga_Jioni: Basi tunaanza na kuku, kilo 5.5, mnara mmoja. Ngozi tuweke kila matabaka manne au tununue mafuta ya ng'ombe?

Ujiji_Kusaga: Ngozi. Mafuta ya ng'ombe huganda mdomoni roli ikipoa kidogo, na mteja wa kuku atajua.