Mmepasua skwea paipu yangu ili mpitishe waya, kisha mnasema nimekosea mchoro!

Mchora_Vyuma

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Nilichora mkono wa kuning'iniza mota. Ni skwea paipu ya milimita 100 kwa 100, unene milimita 4, imelala mlalo kwa urefu wa mita 1.5. Upande mmoja imechomelewa kwenye bamba nene lililofungwa kwa bolti kwenye nguzo. Kule mwisho kuna kikuku kilichoibana paipu, na kutoka kwenye kikuku mkono wa milimita 500 unatokeza ubavuni. Mota ya kilo 40 inaning'inia hapo. Kwa hiyo paipu inapinda kidogo, na zaidi ya hapo inasokotwa kwa kama N·m 200.

Tulipoijaribu mara ya kwanza, ncha ya mkono ilishuka milimita moja na nusu. Safi kabisa.

Kisha, bila kuniuliza, mtu akachukua grainda akapasua paipu kwa chini, kutoka kwenye bamba la shina hadi mwisho, mwanya wa milimita 5, ili waya upite ndani na utoke popote wanapotaka. Mota ikarudishwa. Ncha ya mkono ikashuka milimita 31! Ukiigusa inacheza. Nilipolalamika nikajibiwa: "Tumetoa asilimia moja tu ya chuma, tatizo ni mchoro wako."

Asilimia moja ya chuma, ndiyo. Lakini hamkutoa chuma, mlikata mzunguko! Chukua mstari wa katikati ya unene: mraba wa milimita 96 kwa 96, eneo lililozungukwa ni milimita za mraba 9,216. Gawanya msokoto kwa mara mbili ya eneo hilo, unapata kama N 10.85 kwa kila milimita ya mzunguko. Huo ndio mtiririko wa nguvu za ukataji, na unazunguka kuta zote nne kwa kiasi kilekile, kama maji kwenye mfereji uliofunga duara. Kila ukuta unabeba kama N 1,040. Ukuta wa juu na wa chini wanasukuma kwa mwelekeo tofauti wakiwa wameachana milimita 96, wanatoa nusu ya msokoto. Kuta mbili za ubavuni zinatoa nusu iliyobaki. Mkazo wenyewe haufiki hata MPa 3. Chuma kimelala usingizi.

Sasa pasua ukuta mmoja. Kwenye ukingo wa mwanya hakuna chuma cha kupokea nguvu, kwa hiyo pale mtiririko lazima uwe sifuri. Na kama ulikuwa sawa kuzunguka kote, basi umekufa kote. Kinachobaki ni nguvu kwenda upande mmoja kwenye uso wa nje wa bati na kurudi kwenye uso wa ndani, zikiwa ndani ya unene wa milimita 4. Mlininyang'anya wenzo wa milimita 96 mkaniachia wa milimita 3! Ukakamavu wa msokoto umetoka milimita 3,538,944 kwa kipeo cha nne hadi 8,192. Hiyo ni mara 432.

Mchoro haukuwa na kosa. Nataka mtu anieleze kwa nini kisu cha grainda kinaruhusiwa kugusa kitu kinachosokotwa bila aliyechora kuulizwa.

Nyundo_Nzito

Pole mkuu. Ila nadhani kosa ni upana wa mwanya. Milimita 5 ni nyingi. Wangepasua kwa msumeno mwembamba, milimita moja hivi, kingo zingebaki karibu na paipu ingebaki na nguvu zake karibu zote.

Mchora_Vyuma

Hapana kaka, na dhana hiyohiyo ndiyo iliyoniletea hasara. Hata ungepasua kwa wembe, kingo zikiachana tu, hakuna kinachovuka. Zingegusana kwa kubanana labda msuguano ungesaidia, lakini huwezi kuutegemea. Upana wa mwanya kwenye hesabu hii karibu hauna maana. Kilichopo ni swali moja: mzunguko umefunga au haujafunga?

Dereva_wa_Mizigo

Mimi siafiki. Chasisi ya lori ni vyuma vya C, viko wazi upande mmoja kutoka mbele hadi nyuma, na vinabeba tani kwa tani. Kama chuma kilicho wazi ni dhaifu hivyo, malori yangekuwa yamelala barabarani. Nadhani paipu yako ilikuwa nyembamba, weka ya milimita 6.

Bi_Mihimili

Ndugu Dereva, C inabeba tani kwa kupinda, na kwenye kupinda haina shida. Paipu ya Mchora nayo, kwa upande wa kupinda, haijabadilika karibu chochote baada ya kupasuliwa. Wewe angalia lori likipanda tuta kwa gurudumu moja: chasisi inajisokota mpaka unaona kichwa na bodi haviko sambamba. Kwa malori mengi hilo limekusudiwa, ili magurudumu yote yabaki chini. Ulegevu uleule unaofaa pale ndio unaomuumiza Mchora hapa.

Na unene wa milimita 6 kwenye paipu iliyopasuliwa ungeongeza ukakamavu huo wa msokoto kama mara tatu na kitu, kwa sababu unene unaingia kwa kipeo cha tatu. Ukishapoteza mara 432, mara tatu haikurudishi nyumbani.

Namba_Hazidanganyi

Samahani, kuna jambo halikai sawa. Mchora anasema mara 432. Kusokotwa peke yake, paipu nzima inashusha ncha kama nusu milimita. Zidisha kwa 432, inazidi sentimita 20. Lakini umepima milimita 31. Sasa ama fomula imetia chumvi, ama paipu haikupasuliwa yote. Siyo kwamba nawatetea waliopasua, nataka hesabu ifunge.

Bi_Mihimili

Swali zuri. Fomula ya paipu iliyo wazi inachukulia kwamba ncha zote mbili ziko huru. Paipu iliyopasuliwa ikisokotwa, kingo mbili za mwanya zinataka kuteleza kwa urefu, moja kwenda mbele na nyingine kurudi nyuma. Kwa msokoto huu, ncha zikiwa huru, zingepishana kama milimita 5 na nusu. Ila shina la Mchora limechomelewa kwenye bamba nene. Pale hakuna kupishana. Kwa hiyo kila ukuta unalazimika kujipinda kama mhimili wake wenyewe kuanzia shinani, na upinzani huo ndio uliozuia ncha isishuke sentimita 20.

Nimepiga hesabu kwa paipu hii, shina likiwa limezuiwa kabisa na upande wa kikuku ukiwa huru. Inabaki kama asilimia 13 ya msokoto wa fomula ya kawaida: nyuzi 3.4, yaani kushuka kama milimita 30. Ongeza milimita moja ya kupinda, unapata 31 zake. Hesabu imefunga.

Mchora, ukitaka kuona kwa macho: ondoa mota, chora mstari mmoja kwa sindano kukatisha mwanya karibu na kikuku, na mwingine karibu na shina. Rudisha mota uangalie.

Mchora_Vyuma

Nimefanya hivyo sasa hivi. Karibu na kikuku mistari imepishana, nimepima kwa kalipa, milimita moja na ushee. Karibu na shina haijasogea hata kidogo. Nimegundua pia ncha ya paipu imehama pembeni, si kuzunguka tu palepale.

Bi_Mihimili

Ndivyo inavyotakiwa. Kituo cha kuzungukia hakiko tena katikati ya paipu. Kimehamia upande ulio mkabala na mwanya, kwako wewe kiko juu ya paipu, nje kabisa, milimita 108 kutoka katikati. Shukuru kwamba walipasua chini. Wangepasua ubavuni, hata mzigo ulioning'inizwa katikati ya paipu ungeisokota.

Kinachonitia wasiwasi siyo milimita 31. Bamba la shina limekusaidia, lakini limedai malipo yake. Kwenye midomo ya mwanya, pale inapokutana na weldi ya shina, kuna mkazo wa kuvuta upande mmoja na wa kusukuma upande wa pili, kama MPa 150. Kupinda kwa kawaida kulikuwa kunaweka pale kama 13 tu. Chuma hakitakatika leo. Lakini mota ikiwa inatetemeka, weldi ile itaanza ufa palepale kwenye mdomo. Shusha mota, kwangua rangi, upake dawa ya kuonyesha nyufa.

Grainda_na_Elektrodi

Mimi nilishakutana na kama hii, ila yangu ilikuwa na matundu ya mviringo ya milimita 20 kila baada ya sentimita 15, haikuwa na mwanya. Haikulegea hata kidogo. Je, yangu nayo ina hatari?

Mchora_Vyuma

Yako ni habari nyingine. Kati ya tundu na tundu chuma kipo, mtiririko unazunguka tundu na kuendelea. Mkazo unapanda kando ya tundu, lakini mzunguko umefunga. Hicho ndicho walichotakiwa kunifanyia mimi: matundu mawili, moja waya uingie, moja utoke, kwisha!

Nyundo_Nzito

Basi uchomelee vipande vipande: weldi ya milimita 30, uache nafasi, mpaka mwisho. Nimezidisha zile N 10.85 zako kwa milimita 150 kati ya kipande na kipande, kila weldi inabeba kama N 1,630. Hata weldi ya mwanafunzi inabeba hiyo.

Bi_Mihimili

Kwa mzigo uliotulia, hesabu yako ni sahihi, na ukakamavu mwingi utarudi. Lakini kila kipande kina ncha mbili, na kila ncha ni mahali pa ufa kuanzia. Mota haijatulia.

Grainda_na_Elektrodi

Na ukichomelea mfululizo mita 1.5 upande mmoja, paipu itapinda kwa joto kama upinde. Mwanya wa milimita 5 unakula elektrodi nyingi. Mimi ningetupa paipu hiyo nikate mpya.

Nyundo_Nzito

Kuitupa paipu nzima kwa ajili ya mpasuko? Chomelea kwa kurukaruka, huku kidogo, kule kidogo, haitapinda sana.

Mchora_Vyuma

Mota nimeishusha. Nimekwangua rangi shinani, mdomo wa kushoto una mstari mwembamba kama unywele, urefu milimita 6 hivi. Sijui kama ni ufa au ni alama ya grainda, naisubiri dawa. Waliopasua bado wanasema ni mchoro.