Naomba ushauri: aliyeacha kazi anataka nakala ya taarifa zake, nimekwama kwenye barua moja

Habari zenu wakuu. Natunza mafaili ya wafanyakazi. Mwenzetu aliyeacha kazi ameomba nakala ya taarifa zake binafsi zote, na siku za kujibu zimebaki nne. Mkataba, mishahara na tathmini zake nampa bila shida. Barua pepe za mwanasheria wetu nimeziweka kando.

Kinachonisumbua ni barua ya malalamiko dhidi yake, kurasa mbili za mwandiko wa mkono. Inamhusu yeye, lakini aliyeiandika aliahidiwa siri, na nilipomuuliza amekataa isitolewe. Niliiskani na kuziba jina kwa kisanduku cheusi kwenye PDF, lakini bado imeandikwa "siku tuliyobaki wawili stoo". Hapo atamjua tu! Isitoshe, kwenye PDF hiyo ukikiondoa kisanduku, jina linatokea, kwa hiyo nimeamua kuchapisha na kuskani upya.

Naomba kujua: nichape upya yale yanayomhusu yeye tu, au niizuie barua nzima? Na nikizuia, kwenye jibu nitaje kwamba kuna kitu nimekizuia na sababu yake, bila kumfichua mwandishi?